Jirani Yako Mbele ya Sheria Ni Nani?

Julai 2008, katika mji wa Huddersfield kaskazini mwa Uingereza, bibi wa miaka 76 alikuwa akipita kwenye barabara ya maduka iitwayo Kirkgate. Nje ya duka moja la kubeti, askari wawili wakamvamia mtu waliyemshuku kuuza dawa za kulevya. Wenzao wawili walikuwa wamejipanga upande wa pili ili wamzuie akikimbia. Mshukiwa hakukubali kukamatwa kirahisi. Wakavutana, wakayumba, na katika purukushani hiyo wakampiga kikumbo yule bibi. Akaanguka chini, nao wakamwangukia.

Bi Robinson alifungua kesi ya madai dhidi ya Mkuu wa Polisi wa West Yorkshire, akidai fidia kwa majeraha aliyoyapata. Jaji aliyesikiliza ushahidi alikubaliana naye katika mambo ya msingi. Askari walijua mshukiwa angeweza kupigana au kukimbia. Walijua pia kwamba barabara ina watu. Hata hivyo hawakumzingatia mzee aliyekuwa karibu kabisa na mahali walipomkamatia mtu wao. Huo, alisema jaji, ulikuwa uzembe. Kisha jaji huyohuyo akaitupilia mbali kesi, kwa maelezo kwamba polisi wanapokamata wahalifu wana kinga dhidi ya madai ya namna hiyo. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani nayo ikamkatalia.

Msomaji wa kawaida atashangaa. Mtu ameonekana mzembe, uzembe wake umemwumiza mwingine, na bado hadaiwi hata senti? Inawezekana, kwa sababu sheria ya uzembe haianzi na uzembe. Kabla ya kuuliza kama fulani alifanya kazi yake ovyo, mahakama huuliza kwanza kama alikuwa na wajibu wa uangalifu kwa huyu aliyeumia. Kama wajibu haupo, mlango umefungwa hapohapo. Tangu mwaka 1932 majaji wa Uingereza wamekuwa wakitafuta namna nzuri ya kuujua wajibu huo, na kesi ya Bi Robinson ndiyo iliyoweka wazi mahali walipofikia.

Chupa ya Paisley

Chanzo cha yote ni chupa ya soda ya tangawizi. Jioni ya tarehe 26 Agosti 1928, May Donoghue, mfanyakazi wa dukani kutoka Glasgow, aliingia na rafiki yake katika mkahawa wa Wellmeadow mjini Paisley, Uskoti. Rafiki ndiye aliyeagiza na ndiye aliyelipa. Mwenye mkahawa akamimina sehemu ya soda juu ya aiskrimu ya Bi Donoghue, naye akala na kunywa. Rafiki alipommiminia iliyobaki, kwa maelezo ya Bi Donoghue, pakatoka mabaki ya konokono aliyeoza. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, hivyo hakuna ambaye angeweza kuona kilichomo kabla ya kumimina. Bi Donoghue alisema alipatwa na mshtuko na maradhi ya tumbo, akadai pauni 500.

Lakini amdai nani? Kwa sheria ya wakati ule, mnunuzi wa bidhaa mbovu alimdai aliyemuuzia, kwa sababu kati yao palikuwa na mkataba. Bi Donoghue hakununua kitu. Aliyenunua ni rafiki yake. Mwenye mkahawa hakuwa na kosa pia, maana aliifungua chupa kama alivyoipokea. Alibaki mtengenezaji, David Stevenson, ambaye jina lake lilikuwa kwenye chupa. Tatizo ni kwamba Stevenson hakuwa na mkataba wowote na Bi Donoghue. Tangu kesi ya mwaka 1842, ambamo dereva wa gari la farasi la posta aliumia kwa sababu ya gari bovu akanyimwa fidia kwa kuwa mkataba wa kulitunza gari hilo haukuwa wake, mawakili wengi waliamini kwamba asiye na mkataba hana dai, isipokuwa katika mambo machache kama vitu vya hatari kwa asili yake.

Wakili wake, Walter Leechman, aliujua ugumu huo kwa uchungu. Machi 1929 alikuwa ameshindwa katika kesi iliyofanana na hiyo, ambayo mdudu hakuwa konokono bali panya aliyedaiwa kukutwa ndani ya soda ya tangawizi ya kampuni nyingine. Wiki chache baadaye akafungua kesi ya Bi Donoghue. Mama huyo hakuwa na fedha, hivyo aliruhusiwa kukata rufaa kama fukara, asije akabebeshwa gharama za upande wa pili akishindwa. Kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi mjini London, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho.

Tarehe 26 Mei 1932, majaji watatu dhidi ya wawili walimpa ushindi. Walisema kwamba mtengenezaji anayetoa bidhaa kwa namna inayoonyesha anataka imfikie mlaji kama ilivyotoka kiwandani, bila nafasi ya kukaguliwa njiani, ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji huyo. Kioo cheusi na kizibo kilichofungwa vilikuwa na uzito mkubwa katika hoja hiyo.

Jaji Atkin hakuishia kwenye chupa. Alitaka kueleza ni kitu gani kinachounganisha hali zote ambazo sheria ilikuwa tayari imetambua wajibu wa uangalifu. Akachukua swali la mwanasheria katika Injili ya Luka, sura ya 10: jirani yangu ni nani? Jibu lake la kisheria, kwa ufupi, ni kwamba yakupasa ujihadhari na vitendo au kuacha vitendo ambavyo unaweza kuona mbele kwamba huenda vikamwumiza jirani yako. Na jirani ni mtu anayeguswa na tendo lako kwa karibu kiasi kwamba ulipaswa kuwa naye akilini ulipokuwa ukilifanya. Hii ndiyo kanuni ya jirani.

Majaji wawili waliopinga walikuwa na hofu iliyosemwa hata mwaka 1842: ukivuka mkataba kwa hatua moja, utapata wapi sababu ya kusimama kabla ya hatua ya hamsini? Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Sehemu kubwa ya historia iliyofuata ni juhudi za kuijibu.

Kuhani na Mlawi hawadaiwi

Msomaji anayekijua kisa cha Msamaria mwema anaweza kudhani kwamba Jaji Atkin alileta sheria ya kuwasaidia wahitaji. Sivyo. Katika kisa kile, kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi wakapita upande wa pili. Mwaka 1970 Jaji Diplock alikumbusha kwamba kwa sheria ya Uingereza hao wawili wasingedaiwa chochote. Hawakumjeruhi yule mtu, na kwa kawaida sheria ya uzembe haimlazimishi mpita njia kumwokoa asiyemjua, hata kama kuokoa kungekuwa rahisi. Kinachokatazwa ni kumdhuru mtu kwa kutokujali. Kumkinga na madhara yanayotoka kwingine ni jambo jingine, na linahitaji sababu ya ziada: ama umelichukua jukumu hilo mwenyewe, kama mzazi au mwalimu wa mtoto, ama hatari umeianzisha wewe, ama anayeleta madhara yuko chini ya usimamizi wako.

Kesi aliyokuwa akiizungumzia Diplock inaonyesha vizuri sababu hiyo ya mwisho. Wavulana waliokuwa wakirekebishwa tabia walipelekwa kambini katika kisiwa cha Brownsea kusini mwa Uingereza, chini ya maofisa watatu. Usiku, ilidaiwa, maofisa walilala, wavulana wakatoroka, wakapanda mashua moja wakaiharibu nyingine. Wavulana ndio walioharibu, lakini maofisa ndio waliokuwa na mamlaka juu yao, na ambaye mashua yake ilikuwa karibu alikuwa rahisi kufikiriwa. Malodi wakakubali kwamba wajibu ulikuwepo. Hata hivyo hawakusema kwamba serikali hulipia kila kosa la kila mfungwa aliyetoroka.

Hapo ndipo udhaifu wa kanuni ya jirani unapoonekana. Kuona madhara mbele hakutoshi. Mtu anaweza kuona mbele kwamba mtoto wa mwingine atazama mtoni, kwamba mshindani wake sokoni atapata hasara, kwamba neno lake la kawaida litamfanya mtu anunue hisa mbovu. Kama kila madhara yanayoonekana mbele yangezaa wajibu, kusingekuwa na mwisho. Kwa muda, hasa baada ya hukumu ya mwaka 1977 kuhusu nyumba zilizojengwa kwenye msingi usio na kina cha kutosha, majaji walielekea kulegeza: ukionekana ukaribu, wajibu upo, mpaka ipatikane sababu ya kuuzuia. Madai ya hasara za fedha yakaongezeka. Mwaka 1990 Baraza la Malodi lenyewe liliibatilisha hukumu hiyo.

Maswali matatu

Februari ya mwaka huohuo ilikuwa imetoka hukumu nyingine ambayo kila mwanafunzi wa sheria huikariri, ya kampuni ya Caparo dhidi ya wakaguzi wa hesabu. Wakaguzi walikuwa wamekagua vitabu vya Fidelity, kampuni ya vifaa vya umeme. Hesabu zilionyesha faida ya pauni milioni 1.3. Caparo, iliyokuwa na hisa kadhaa humo, ikanunua nyingine nyingi hadi ikaichukua kampuni nzima. Baadaye ilidai kwamba ukweli ulikuwa hasara ya zaidi ya pauni 400,000, na kwamba wakaguzi walifanya kazi kizembe.

Majaji walikataa. Ripoti ya ukaguzi kwa mujibu wa sheria inatolewa kwa wanahisa wote kwa pamoja ili waisimamie kampuni yao. Haitolewi ili mtu binafsi aamue kununua hisa zaidi kwa faida yake. Wakaguzi waliweza kuona mbele kwamba wawekezaji wangezisoma hesabu zile, lakini ukaribu unaohitajika haukuwepo, kwa kuwa ripoti haikuandaliwa kwa shughuli hiyo wala kwa mtu huyo.

Katika kueleza hilo, Jaji Bridge alitaja mambo matatu. Je, madhara yangeweza kuonekana mbele? Je, kulikuwa na ukaribu wa kutosha kati ya pande mbili? Na je, ni haki na busara kuweka wajibu katika hali hiyo? Vitabu vya kiada vikayageuza mambo hayo kuwa kipimo cha hatua tatu, na mawakili wakaanza kukitumia katika kila kesi: ajali ya gari, sakafu yenye utelezi, sindano iliyochomwa vibaya.

Aliyeisoma hukumu hadi mwisho angeona tatizo. Jaji Bridge mwenyewe alionya kwamba maneno kama ukaribu na haki ni majina tu ya kubandika juu ya matokeo. Hayana uwazi wa kutosha kuwa kipimo. Alisisitiza kwamba sheria ikue kidogo kidogo, kwa kulinganisha jambo jipya na yale yaliyokwisha kuamuliwa. Onyo hilo ndilo lililosahaulika.

Kosa lililosahihishwa mwaka 2018

Mahakama ya Rufani ilipomkatalia Bi Robinson, ilitumia hasa kipimo hicho. Ilisema kipimo cha Caparo kinatumika katika kila dai la uzembe, na kwamba madai mengi dhidi ya polisi wanaopambana na uhalifu yataanguka kwenye swali la tatu, kwa sababu si haki wala busara kuwafunga askari mikono. Tarehe 8 Februari 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitengua uamuzi huo.

Jaji Reed, aliyeandika hukumu kuu, alisema waziwazi kwamba kuna dhana potofu: kwamba ipo kanuni moja ya hatua tatu ambayo kila kesi lazima ipitie. Kesi nyingi za uzembe haziulizi jambo lolote jipya. Dereva ana wajibu kwa anayevuka barabara, daktari kwa mgonjwa wake, mtengenezaji kwa mlaji. Majibu hayo yako tayari katika hukumu zilizotangulia. Ukianza kuuliza upya katika kila kesi kama ni haki kwa dereva huyu kuwa mwangalifu, unawapa majaji nafasi ya kubomoa kila siku sheria iliyokwisha kujengwa.

Sasa itazame Kirkgate kwa macho hayo. Askari walifanya kitendo. Hawakukaa kimya wakaacha jambo litokee. Waliamua kumkamata mtu mahali pale na wakati ule, na kukamata huko ndiko kulikosababisha kikumbo. Kwamba mtu anayefanya tendo la nguvu barabarani asiwaumize kimwili wapita njia ni wajibu wa kale kabisa katika sheria ya uzembe, na askari hubanwa nao kama raia mwingine. Hakuna haja ya kuuliza kama ni haki kuuweka, upo tayari. Kilichobaki ni kuuliza kama waliuvunja, na hapo ugumu wa kazi yao hupewa uzito unaostahili, maana askari anayelazimika kuamua kwa sekunde hapimwi kama mtu aliyekaa mezani na kalamu. Hata kwa kipimo hicho cha huruma, mahakama ilikubaliana na jaji wa kwanza kwamba walikuwa wazembe, kwa kuwa hapakuwa na ulazima wa kumvamia mshukiwa pale hasa ambapo bibi alikuwa akipita.

Je, ile kinga ya polisi ilitoka wapi? Ilitoka katika kesi za namna nyingine. Maarufu zaidi ni ile ya mwaka 1988, ambapo mama wa binti wa mwisho kuuawa na muuaji aliyewaua wanawake kadhaa alilidai jeshi la polisi kwa kushindwa kumkamata mapema. Alishindwa. Kwa maelezo ya Jaji Reed, sababu iliyo imara ni ileile ya kuhani na Mlawi: madhara yalifanywa na mtu mwingine, na polisi, sawa na mtu mwingine yeyote, kwa kawaida hawana wajibu kwa mtu mmoja mmoja wa kumkinga na mhalifu ambaye hawana mamlaka juu yake. Hiyo haikuwa kinga ya kuumiza watu kwa mikono yao wenyewe.

Namna ya kuuliza leo

Kutokana na hukumu hiyo, mpangilio wa maswali ni rahisi kuufuata. Kwanza, tenganisha: mdaiwa alisababisha madhara kwa alichokitenda, au alishindwa tu kuyazuia? Kama alishindwa kuyazuia, tafuta ile sababu ya ziada, kama mamlaka ya maofisa juu ya wavulana wa Brownsea. Pili, tafuta hukumu zilizotangulia. Kama hali hiyo imekwisha kuamuliwa, fuata jibu lake na uende kwenye uzembe wenyewe. Tatu, ikiwa ni jambo jipya kweli, tafuta kesi iliyo karibu nalo zaidi, upime yanapofanana na yanapotofautiana. Swali la haki na busara huingia hapo tu, pale ambapo mahakama inaombwa kwenda hatua moja mbele ya zilizokwisha kupigwa. Madai ya hasara ya fedha tupu, bila mtu kuumia wala mali kuharibika, ndiyo hufika huko mara nyingi.

Kwa Afrika Mashariki habari hizi si za mbali. Sheria ya Kenya inazitambua kanuni za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na ya Tanzania kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyofaa mazingira ya nchi. Tarehe zote mbili ni za kabla ya konokono wa Paisley. Kanuni ya jirani ilipata nafasi huku kwa sababu mahakama zenyewe ziliikubali na kuitumia, na hukumu mpya za London haziwafungi majaji wa Nairobi au Dar es Salaam, bali zina uzito wa kushawishi. Wakili wa hapa anaweza kuitaja hukumu ya Robinson kama hoja, na jaji akaifuata au asiifuate.

Na wajibu ukishapatikana, kesi haijashinda. Mdai bado atathibitisha kwamba mdaiwa aliuvunja, kwamba kuvunja huko ndiko kulikoleta madhara, na kwamba madhara yenyewe ni ya aina ambayo sheria hulipia. Bi Donoghue ndiye mfano wa kwanza. Malodi waliamua swali la sheria tu, wakichukulia kwamba aliyoyaeleza ni kweli, ili ushahidi usikilizwe baadaye Uskoti. Haukusikilizwa. Stevenson alifariki mwaka uleule wa hukumu, na madai yakamalizwa kwa mapatano ya pauni 200. Mahakama haikuthibitisha kamwe kama konokono alikuwemo chupani.

Kwa hiyo ukimsikia wakili akianza hoja yake kwa kusema si haki wala busara mteja wake kubebeshwa wajibu, muulize kwanza: hali hii haijawahi kuamuliwa? Kama mteja wake aligonga mtu, alimwangusha au alimlisha kitu kilichooza, jibu lilikwisha kutolewa zamani, na swali la kujibu ni alikuwa mwangalifu kiasi gani.